Vitu k vinavyojirudia zaidi: hipu au ndoo?

Swali: Mkuu, wote wanasema baketi soti ni O(n) kwa hiyo inaipita hipu. Mbona mimi nimepima kwenye logi ya mistari milioni 10, IP tofauti kama elfu 50, k ni 10, na hipu ndo inamaliza mapema?

Jibu: Vipimo vyako viko sawa mdogo wangu, shida ni ile n, yaani mistari yote ya logi. Njia zote mbili zinaanza kwa kuhesabu, mistari yote milioni 10 inapita kwenye dikti, tuiite `idadi`, na hapo hakuna wa kumpita mwenzake. Baada ya hapo umebaki na IP elfu 50 tu, tuziite m, na hipu inafanya kazi na hizo m, haina habari na milioni 10.

Hipu ya k inashika 10 bora, mwenye idadi ndogo kuliko wote yuko juu. Kila IP mpya unailinganisha na huyo wa juu, ikiwa ndogo unaiacha, imeisha, hiyo log k hujailipa. Unalipa ukibadilisha tu, na kama IP zimechanganyika bila mpangilio mabadilisho ni kama k × ln(m/k), yaani 10 × 8.5, kama 85 hivi kati ya elfu 50! Hata zije kwa kupanda, kila moja inaitoa ya juu, bado ni m log k, na log ya 10 haifiki 4.

Sasa ndoo za hiyo baketi soti, ndoo namba c inashika IP zilizojirudia mara c. Naamini umeandika `range(n + 1)` kama wengi wanavyofanya, kwa hiyo umetengeneza listi milioni 10 na karibu zote tupu. Kwenye Python ya biti 64 listi tupu ni baiti 56, ongeza 8 za kuielekeza, zidisha, ni MB 640, alafu unazipitia tena kutoka juu kushuka ukitafuta yenye kitu. Ni O(n) kweli, ila n ya pili umeilipa bure. Kata hivi:

```python
juu = max(idadi.values())
ndoo = [[] for _ in range(juu + 1)]
for ip, c in idadi.items():
    ndoo[c].append(ip)
```

Usifupishe kwa `[[]] * (juu + 1)`, hiyo ni listi moja inayoonekana mara nyingi, utaijua ukiona kila ndoo ina IP zilezile. Na angalia, kama IP moja imejirudia mara milioni 6 basi ndoo nazo ni milioni 6, hapo kukata hakujakusaidia sana.

Ndoo nazichagua k ikikaribia m, mfano bosi anataka IP zote elfu 50 zipangwe kwa idadi, maana hapo log k ya hipu inafika kama 16 na hakuna cha kuruka, huku ndoo zinabaki palepale, mradi idadi ya juu siyo kubwa sana. Kwa k ya 10 yako tumia `Counter(ips).most_common(10)`, ndani yake ni hipu hiyohiyo.