Kabla hujalitamka jina la Ibn Arabi mbele ya wazee

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darsa baada ya Magharibi. Kijana wetu mmoja, fasaha kwelikweli, akashusha pumzi akasema: "Ibn Arabi anasema kwenye Fususi kwamba tauhidi ya kweli ni wahdatul-wujuudi, yaani kila kitu ni Mungu." Wenzake wakaandika jina la sufi huyo na la kitabu chake. Nami kashata ikanikwama kooni, maana sentensi hiyo niliwahi kuisema mimi, neno kwa neno, na nikailipia. Basi wadogo zangu, kaeni kitako.

1. Usimtie mtu maneno ya anayemjibu.

Nilikuwa na miaka 22, nimemaliza kusoma kitabu kimoja cha kuwarudi masufi, na kichwa kimejaa. Nikaombwa mawaidha baina ya Magharibi na Isha katika msikiti wa mtaani kwetu. Nikapanda na daftari langu. Nikataja wahdatul-wujuudi mara zisizopungua kumi, kila mara nikisema "kama alivyoandika Ibn Arabi kwa mkono wake". Sikuishia hapo. Nikasema watu wa dhikiri wote wanaomtaja kwa heshima wanakunywa kisima kimoja cha ukafiri. Mjomba wangu, mtu wa twarika tangu ujana wake, alikuwa safu ya tatu. Nilimwona. Nikaendelea.

Nilipomaliza, mzee mmoja akanipungia mkono nimfuate. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akatoa kwenye mkoba nakala ya Fususul-Hikam iliyochakaa, jalada limeshikwa na uzi, akaniwekea mapajani. "Nitolee hilo neno, mwanangu." Nikafungua. Kitabu kina fassi 27, kila moja na nabii wake, kuanzia Adamu. Nikapekua ya Adamu, nikapekua ya Nuhu, ya Hud. Watu wanazidi kusogea. Jasho likanishuka mpaka kwenye karatasi. Muadhini akaniokoa.

Neno halimo. Ibn Arabi alifariki Damascus mwaka 1240, na istilahi hiyo hakuifanya jina la madhehebu yake. Mwanafunzi wake na mwana wa kambo, Sadruddin al-Qunawi, aliligusa kwa kupita tu. Aliyelishika sana akalifanya lebo ya kundi zima ni Ibn Taymiyya, fakihi aliyempinga, ambaye alizaliwa 1263, marehemu akiwa na miaka 23 kaburini. Mimi nilikuwa nimebeba lebo ya mshitaki nikaisoma kama ungamo la mshitakiwa. Maana yenyewe imo, hilo sibishi: kwamba wujudi wa haki, yaani kuwako kwa kweli, ni mmoja, na viumbe havina wujudi wao wenyewe. Lakini maana unaionyesha kwa matini yake, huibandiki.

Mzee akaniambia neno ninalolikumbuka kila nikifungua kitabu: "Mwanachuoni Suyuti alimwitakidi Ibn Arabi kuwa walii na akaharamisha kusoma vitabu vyake. Wewe umefanya nusu ya pili kwa ukamilifu." Mjomba hakunisemesha hadi Ramadhani ikaingia, na hata hapo alinipokea futari kwa mama, si kwake.

2. Hululi si hii.

Hululi ni kitu kuingia ndani ya kitu, na hapo lazima viwe viwili. Anayesema wujudi ni mmoja tu hawezi kushitakiwa kwa viwili kuingiliana. Mkosoeni kwa alilosema.

3. Pingamizi la mafakihi si pale mnapodhani.

Nyinyi mnadhani fakihi alikasirika kwa sababu ya falsafa. Fakihi kazi yake ni amri na katazo: nani kaamrishwa, nani kakatazwa, nani ataulizwa. Ukimwambia wujudi ni mmoja, swali lake la kwanza ni: basi mkalafu, mwenye kubebeshwa amri, ni nani? Ibn Arabi mwenyewe aliliuliza kwenye beti za mwanzo wa Futuhat, kitabu chake kingine: Mola ni haki na mja ni haki, laiti ningejua nani aliyekalifishwa. Wafuasi wake wakaziona beti hizo ni mshangao wa mtu aliyezama. Fakihi akaona mlango wa sheria umeachwa wazi usiku.

Chukueni fassi ya Harun, ya 24, ndipo mtakapoona vita vyenyewe. Kisa mnakijua: Musa anarudi, anakuta ndama, anamshika nduguye kichwa na ndevu. Sisi sote tumefundishwa kwamba alikasirika kwa shirki. Ibn Arabi anasema Musa aliijua hali kuliko Harun, kwa kuwa alijua Mwenyezi Mungu amekwisha kukadhi kwamba haabudiwi ila Yeye, na analolikadhi huwa. Lawama yake kwa Harun ilikuwa kwa kukanusha kwake na kutopanuka kwake.

Mzigo wote umebebwa na neno moja la aya ya 23 ya Suratul-Israa: *qadhaa*. Ukilisoma kwa maana ya kadari, kila anayeabudu chochote amemwabudu Yeye, apende asipende. Ukilisoma kwa maana ya "ameamrisha", kama wafasiri walivyolichukua, amri yaweza kuasiwa, na wa ndama waliasi. Ibn Taymiyya alisimama hapo hapo: ikiwa ni kadari, basi hakuna aliyewahi kuabudu sanamu duniani, na Mitume walikuja kukataza nini?

Sasa shikeni hapa, maana ndipo wengi mnapoteleza. Ibn Arabi naye anatofautisha amri ya kuumba, isiyopingika, na amri ya kukalifisha, inayoasika. Na Ibn Taymiyya pia anatofautisha matakwa ya kikauni na ya kidini. Wote wawili wana visu viwili vya namna moja. Ugomvi ni aya hii ikatwe kwa kisu kipi. Nami kwa hili niko na mafakihi, kwani mwendelezo wa aya ni kuwafanyia wema wazazi, na hilo halifai kuwa kadari, tungekuwa tumeshaona.

4. Msidhani ni masufi upande huu na mafakihi ule.

Alaauddawla as-Simnani, sufi mkubwa, alifika pale Futuhat inaposema ametakasika aliyevidhihirisha vitu naye ndiye *ain* yake, yaani dhati yake. Jami, mshairi na sufi, anasimulia kwamba Simnani aliandika pambizoni: ewe sheikh, ukimsikia mtu anasema kinyesi cha sheikh ndiyo wujudi wa sheikh, utamsamehe? Hiyo ni kalamu ya mtu wa khalwa, si ya kadhi. Na upande wa pili, Ibn Taymiyya anakiri katika barua yake kwa Nasr al-Manbiji kwamba zamani alimdhania Ibn Arabi kheri kwa faida alizoziona kwenye Futuhat, mpaka alipoisoma Fususi. Na bado akasema huyo ndiye aliye karibu zaidi na Uislamu kuliko wenzake, kwa kuwa hutenga kilichodhihiri na mahali kilipodhihiri, na huithibitisha amri na katazo. Hiyo nusu ya pili haimo kwenye vijitabu mnavyopeana. Nilipoisoma nilimpelekea mjomba. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akauliza: "Na ulikuwa nayo siku ile?"

5. Sirhindi, sufi aliyeikosoa wahdatul-wujuudi, na jua lake linaloficha nyota tutamfikia mwezi ujao, msirukie.

Ijumaa tunaanza fassi ya Nuhu. Njooni na matini, sharhe ziacheni nyumbani, na yule fasaha wetu akae mbele karibu nami, nimemwekea nakala yenye uzi.