Posti ya utani imesomeka kama nasuta wateja, nitaijuaje kabla sijaiweka?

Swali: Habari, mimi napika biriani ya oda za Ijumaa huku Kisauni na kastoma wengi nawapata kwa posti. Juzi nimeandika hivi: "Wapendwa wateja, tushasema mara ngapi oda mwisho Alhamisi saa kumi? Kuna watu lazima watume Ijumaa asubuhi, kwani biriani ni chai? Asanteni kwa kuelewa 😊". Mmoja akanijibu "haya tumesutwa, tumesikia", wengine kimya. Wallahi nilikuwa natania. Sasa kitu kama hiki nitakishika vipi kabla ya kuposti?

Jibu: Dadangu, kwamba ulikuwa unatania nakuamini kabisa, na hiyo ndo inayokuficha kosa. Ukiisoma drafti yako unaisoma na sauti ileile uliyoandikia, yenye kicheko ndani yake, lakini kastoma hicho kicheko hana, ana maandishi tu kwa simu na pengine njaa juu yake. Kuna utafiti wa mwaka 2005 wa Marekani, wa kina Justin Kruger na Nicholas Epley, watu walitumiana sentensi kwa imeili, zingine za dhati zingine za kejeli, halafu msomaji abahatishe ipi ni ipi. Waandishi walitarajia wataeleweka kama mara 78 kwa mia, wakaeleweka kama 56, na ukirusha shilingi tu unapata 50. Waliosema sentensi hizo kwa mdomo walieleweka kama mara 73. Kwa hivyo kuisoma drafti kimoyomoyo mara kumi hakukusaidii, kila mara utacheka palepale ulipochekea mwanzo.

Kinachosaidia, na wenyewe walikijaribu, ni kusoma kwa sauti huku umegeuza nia yako makusudi, yaani kama ulikusudia utani soma kwa ukali. Walioanza hivyo ule uhakika wao wa kupita kiasi ulipungua. Wewe simama hapo jikoni mlango umefunga, soma posti yako kwa sauti ya mtu aliyekuja mlangoni kwa jirani kusuta, mkono kiunoni na shingo inacheza. Sentensi ikiipokea sauti hiyo bila wewe kubadilisha neno hata moja, basi jua kuna mtu Bamburi ama Likoni ataisoma hivyohivyo. Jaribu na "Oda zinafungwa Alhamisi saa kumi jioni", utaona ukali hauna pa kushika, inabaki tangazo tu. Sasa jaribu na "tushasema mara ngapi", si unaona ulimi unateleza wenyewe?

Tuichukue yako kipande kwa kipande. "Tushasema mara ngapi?" ni swali lakini hakuna anayetarajiwa kujibu "mara nne", na swali lisilotaka jibu kwa maandishi karibu kila mara husikika kama lawama. "Kwani biriani ni chai?" ni yaleyale, na hapa umeongeza kumwambia msomaji hajui kupika. Ana kwa ana ungesema ukicheka naye angecheka, lakini hapa kicheko hakikusafiri. Ukipitia drafti, kila penye alama ya kuuliza jiulize kama kweli unataka jibu, kama hutaki igeuze iwe maelezo. Mara nyingi hiyo peke yake inatoa nusu ya sumu.

Lakini iliyouma zaidi kwa maoni yangu si hayo maswali, ni "kuna watu". Huku kwetu Pwani mtu amekua na mafumbo, kanga inasema, jirani anasema na kikombe huku anamaanisha wewe, kwa hivyo ukiandika "kuna watu" bila kutaja, kila aliyewahi kuchelewa hata mara moja anajiona yeye, na asiyechelewa anaanza kutafuta ni nani. Wewe ulidhani kutotaja jina ni adabu, lakini ndo umefanya kijembe. Dawa yake ni kumuondoa mtu kwenye sentensi umbakishe oda. Badala ya "kuna watu lazima watume Ijumaa" sema "oda ya Ijumaa asubuhi itaingia wiki inayofuata". Hakuna mtu hapo, kuna oda na siku. Na kama ni mmoja tu anayekusumbua mfuate inboksi umwambie yeye, usiwasomeshe mia kwa ajili yake.

Halafu hiyo "wapendwa" ya mwanzo na "asanteni kwa kuelewa" ya mwisho. Wengi wanafikiri ukali ukiwekewa sukari huku na huku unapoa, wapi, unazidi, manake msomaji akishahisi kuchomwa katikati ile asante anaisoma kama kejeli pia, na ile emoji inakuwa kama unamcheka. Kwa hivyo usianze kwa kuongeza emoji, anza kwa kutoa mwiba, ukiona umetoka basi emoji weka ukitaka, haitadhuru.

Mimi ningeiandika hivi:

"Oda za biriani ya Ijumaa tunapokea mpaka Alhamisi saa kumi jioni. Nyama tunainunua na kuiroweka usiku huohuo, kwa hivyo tunanunua kulingana na oda zilizoingia. Ukichelewa kidogo usijali, tutume tu tukuwekee ya wiki inayofuata. Karibuni sana."

Angalia sheria haikulegea hata kidogo, saa kumi ni saa kumi. Kilichoingia ni sababu, na sababu ndo inafanya kazi uliyotaka kejeli ikufanyie, mtu akijua nyama inaroweka usiku anaelewa mwenyewe kwa nini asubuhi haiwezekani. Jihadhari tu usipitilize upande wa pili. Nimeona drafti zinaanza "samahanini sana tena sana wateja wetu, tunaomba kama mtaweza", hiyo ukiweka wiki hii, wiki ijayo oda za Ijumaa asubuhi zitakuwa nyingi zaidi, kwa vile umewaambia ni ombi. Upole uwe kwenye maelezo, tarehe na saa ziseme wazi.

Ukitaka uhakika zaidi mpe mtu mwingine aisome, asiwe aliyekaa nawe jikoni akajua kisa chote, na usimuulize "iko sawa?" manake atakwambia iko sawa amalizane nawe. Muulize "aliyeandika hii unamuonaje, na anamwambia nani?" Akikwambia "amechoka, anamwambia fulani", rudi kwenye drafti. Na usimueleze ulimaanisha nini kabla hajajibu, ukishamueleza hafai tena kwa kazi hiyo.

Ile posti iliyoko hewani usiifute kimyakimya, tayari kuna waliojibu na labda waliopiga skrinshoti, kufuta kutaonekana umekubali ulisuta. Irekebishe iwe kama hapo juu, halafu yule aliyeandika "tumesutwa" mjibu hapohapo kwa ufupi: "Hapana jamani, nilikuwa natania ikatoka vibaya, niwieni radhi. Nimeiandika upya. Ijumaa hii nikuwekee sahani ngapi?" Swali hilo la mwisho, kwa mara ya kwanza kwenye mambo yote haya, linataka jibu.