Maswali na Majibu: Baki Mmelitupa Wapi?

Karibu na 0, sin x ni sawa na x. Kwa nini kikomo cha (x − sin x)/x³ kisiwe 0?

Kwa sababu "karibu sawa" si "sawa". Ulichokitupa kina ukubwa wa x³, kisha ukagawa kwa x³ hiyo hiyo. Ulitupa jibu lenyewe. Swali hili naletewa kila msimu wa mitihani.

Nikiandika mfululizo wote wa sin x, nigawe kwa x³, halafu niweke x = 0, si nitapata 1/6?

Utapata 1/6, ila hujathibitisha. Vijumlishi vilivyojificha nyuma ya nukta zako tatu havina mwisho, nawe unasema vyote kwa pamoja vinakwenda 0 kwa kuwa kila kimoja kinakwenda 0. Hilo lina nadharia yake, na hukuitaja. Njia fupi ni kukata mfululizo na kulitazama baki usoni.

Chukua polinomia ya Taylor hadi kipeo cha 4. Kijumlishi cha x⁴ ni 0, na derivativu ya tano ya sin ni cos, kwa hiyo:

sin x = x − x³/6 + (cos c)·x⁵/120

Kijumlishi cha mwisho ndicho baki, na c iko kati ya 0 na x. Tahadhari: c hubadilika kila x inapobadilika, msiichukulie kama namba moja ya kudumu. Haitusumbui, maana popote ilipo, |cos c| haizidi 1. Hamisha na ugawe kwa x³:

|(x − sin x)/x³ − 1/6| ≤ x²/120

Upande wa kulia unakwenda 0, na kikomo ni 1/6. Tena umepata ziada: x ikiwa 0.1, kosa halizidi 0.000084.

Kikokotoo kinanipa 0 nikiweka x = 0.00000001. Nikiamini?

Usikiamini. Kinatunza takriban tarakimu 16, na tofauti ya x na sin x hapo ni ndogo kuliko zinavyoweza kuonyesha. Kimeona x − x.

Mfululizo ukishakusanyika, baki la nini tena?

Kukusanyika kwenda wapi? Chukua e^(−1/x²), ukiipa thamani 0 pale x = 0. Derivativu zake zote hapo ni 0, hivyo mfululizo wake wa Taylor ni 0 kila mahali, na unakusanyika vizuri kabisa. Lakini x ikiwa 1, fanksheni ni kama 0.37. Hapo fanksheni nzima ni baki! Anayeandika "= mfululizo" bila kulichunguza baki anadai jambo ambalo kukusanyika peke yake hakumpi.

Kanuni ya L'Hôpital je?

Inafaa, mara tatu mfululizo, ukihakiki 0/0 kila mara kabla ya kuitumia. Ukubwa wa kosa haikuambii.