Mimba ya wiki 8, mume karudi wiki 6
"Nimerudi safari 14 Machi. Leo 26 Aprili kliniki wamemwandikia mke wangu mimba ya wiki 8. Inakuwaje?"

Kaka, usigombane na mtu. Nesi huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, maana hiyo mama anaikumbuka. Siku mimba ilipotunga haionekani. Tuseme alianza hedhi 1 Machi: mpaka leo ni siku 56, ndizo hizo wiki 8. Yai hupevuka kama siku 14 baadaye, kwa hiyo mtoto mwenyewe ana wiki 6 hivi. Hata ultrasaundi hutaja umri ukiwa na hizo wiki mbili juu. Kama mzunguko wake ni wa siku 35, yai huchelewa wiki nzima zaidi, na ultrasaundi ya mapema ndiyo hurekebisha tarehe.