Maswali na majibu: jibu moja limeruka, nilifute au nilitafutie sababu?

Nimefanya titresheni mara nne, 24.35, 24.40, 24.30 na 24.95. Ya mwisho nifute?

Subiri kwanza, usimwage kitu. Ukipiga jaribio la Q la Dixon, unachukua pengo la 24.95 na jirani yake, 0.55, unagawa kwa tofauti ya kubwa na ndogo kabisa, 0.65, unapata 0.846. Kwa vipimo vinne kikomo cha asilimia 95 ni 0.829, kwa hiyo inaruhusu kufuta. Lakini hesabu inakwambia tu namba iko mbali na wenzake, haikwambii kwa nini. Angalia chupa ya koni ya nne, rangi yake ni pinki iliyokolea kuliko zile tatu? Basi umepitiliza. Cheki mdomo wa bureti, kama kulikuwa na kiputo cha hewa na kimetoka katikati ya kazi, bureti inasoma kimiminika ambacho hakikuingia kwenye chupa na jibu linapanda. Au ulisuuza chupa kwa asidi badala ya maji, hapo asidi imezidi na besi lazima izidi. Ukiipata sababu, futa na uiandike kwenye daftari, Q haina kazi tena.

Nilikuwa na vitatu tu, 24.35, 24.35 na 24.40, Q ikatoka 1. Inakuwaje, mbona vinakaribiana?

Huo ndio mtego wake. Vikiwa vitatu na viwili vikafanana, pengo na tofauti yote ni namba ileile, Q itakuwa 1 hata kama cha tatu kimeachana kwa 0.05, na bureti yenye mistari ya 0.1 inasomwa kwa makadirio ya hiyohiyo 0.05! Ungekuwa unatupa kipimo kizuri kabisa. Kwa vitatu mimi situmii Q, rudia vingine.

Niko maabara ya dawa, kidonge kimoja kimetoka nje ya kiwango, bosi anataka tupige Q tukitoe. Ni sawa?

Hapana, na hapa usikubali. Mwongozo wa FDA ya Marekani wa matokeo nje ya kiwango unasema wazi kwamba jaribio la namna hiyo haliwezi kutambua chanzo, kwa hiyo lisitumike kubatilisha matokeo ya kemia. Hicho kidonge huenda ni kibovu kweli, dawa haikuchanganyika vizuri, na ukikitoa umeificha shida ya kiwandani. Tunza miyeyusho, kagua mizani na hesabu kabla ya kupima upya.

Nimetafuta kila kona sijaona kosa. Sasa?

Iache na uiripoti. Ongeza vipimo kama sampuli ipo, au tumia kati badala ya wastani: kwa zile nne za juu wastani ni 24.50 ila kati ni 24.375, karibu sana na zile tatu, na hujatupa kitu.