Barua kwa mjukuu wangu: mkate wa kumimina wa asubuhi ya Idi

«Bibi, Idi hii nataka wadogo zangu waamke wakute mkate wa kumimina kama ule wako, lakini nikipika unatoka mzito, juu umekauka na chini mbichi. Nakosea wapi? Na niuanze lini, ikiwa hatujui mwezi utaandama usiku gani?»

Mjukuu wangu mpenzi, pamoja na wadogo zako wote mlioko huko Uingereza,

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Unguja hatujambo, mfungo unakwenda vizuri, na swali lako limenipa furaha mno.

Nimeitazama kwa makini picha uliyonituma ya kile kipande ulichokikata. Chini pana utando unaong'aa, mzito, usio na tundu hata moja, na juu pamefanya ganda. Utando ule ndio jawabu. Unatokea pale unga unapotiwa motoni kabla haujaumuka: wanga wa mchele unatuama chini, na moto wa juu unakausha uso wakati ndani bado pabichi. Umeniandikia kwamba ulitia vyote katika blenda kwa pamoja, mchele, tui, hamira, sukari na yai, kisha ukangoja nusu saa. Huku kwetu nusu saa wakati wa joto pengine ingekaribia kutosha. Katika jikoni lenu la baridi, hamira inakuwa ndiyo kwanza inaamka.

Basi tuanze na mchele. Chukua vikombe viwili vya mchele mweupe wa kawaida, na usichukue ule uliochemshwa kiwandani, kwa sababu huo wanga wake umekwishaiva na haushiki. Uoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, uuroweke usiku kucha, kisha uuchuje vizuri kabisa, maana maji yanayobaki humo ndiyo yanayoharibu kipimo bila ya mtu kujua. Usage kwa tui zito la kikombe kimoja na nusu, hiliki, na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Kopo moja la tui la dukani linakaribia kipimo hicho. Lakini mafuta yake hujitenga na kuganda kwa baridi, kwa hiyo lipashe kidogo na kulikoroga liwe kitu kimoja. Likiwa vuguvugu, kidole kikastahimili bila taabu, linaisaidia hamira. Likiwa la moto linaiua. Saga kwa subira, upumzishe blenda, usage tena, kisha chukua tone ulisugue baina ya vidole viwili. Ukisikia chenga, bado.

Mama yangu hakuwa na blenda. Mchele alikuwa akiutwanga kwa kinu na mchi, akiuchekecha na kuurudisha kinuni, na sisi watoto tulipewa kazi ya kukuna nazi juu ya mbuzi tukiwa bado tunasikiliza kama kuna mtu anayepita na habari ya mwezi. Tui la kwanza alilitenga kwa ajili ya mkate na la pili likaenda kwenye tambi za sukari. Ninalikumbuka hasa bakuli lake la unga, lililofunikwa kitambaa na kuwekwa karibu na jiko lililokuwa na makaa yanayofifia, naye akilitazama bila kuligusa.

Wewe huna makaa, lakini una oveni. Iwashe dakika chache ipate uvuguvugu, izime, na uweke bakuli humo ukiwa umeufunga mlango. Usiitazame saa, utazame unga. Utapanda karibu mara mbili, uso utajaa mapovu madogo, na ukilitikisa bakuli utausikia mwepesi. Kwenu huko huenda ikachukua saa mbili. Usiupitilize pia: ukianza kunusa uchachu na katikati pamebonyea, hamira imechoka, na mkate utafura motoni kisha ulale.

Sukari inakuja sasa, wala si mwanzo. Hili wengi hawalijui, na ndilo lililokuharibia zaidi. Sukari ikiyeyuka inaulegeza unga, na ukiitia mapema unaona unga mzuri wa kumiminika ukadhani vipimo vimekaa sawa, kumbe umekwisha kuwa maji. Kabla ya sukari unga uwe mzito, uanguke kutoka kijikoni kwa vipande. Tia robo tatu ya kikombe, pamoja na ute wa yai moja uliopigwa ukatoa povu, ukoroge taratibu kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, kwani ukiupiga kwa nguvu unaitoa hewa yote uliyoingojea. Uache dakika kumi na tano urudi kupanda.

Kabla ya kuumimina wote, jaribu kijiko kimoja kwenye kikaango kidogo chenye mafuta. Tundu zikifunguka juu, endelea. Zisipofunguka, rudisha bakuli ndani ya oveni ungoje. Kisha pasha moto sufuria yako nzito, paka mafuta mpaka pembeni, mimina, na uiweke juu ya moto mdogo bila kifuniko. Utaona tundu zikianza ukingoni na kusogea katikati. Zikifika katikati na uso haung'ai tena, hapo ndipo sisi tungepalia makaa juu ya bati. Wewe ingiza sufuria chini ya moto wa juu wa oveni, mbali kidogo na moto, mpaka ipate rangi ya dhahabu. Hakikisha mshikio wa sufuria si wa plastiki. Usiukate ungali moto, maana hata uliofanikiwa utaonekana mbichi kisu kikipita humo.

Ama kuhusu mwezi, jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani pimeni kwanza mchele wa fitri. Babu yenu kila mwaka aliupima mwenyewe kwa pishi, takriban kilo mbili na nusu kwa kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga, na fitri ilikuwa imetoka kabla watu hawajakwenda kusali. Ninajua huko misikiti mingi hupokea fedha, nanyi fuateni msikiti wenu. Lakini mwache mdogo wako wa mwisho aupime mchele huo kwa mikono yake, japo baadaye mtoe thamani yake. Kisha oroweka vikombe viwili vya mkate usiku uleule. Mwezi ukiandama, utauchuja alfajiri na kusaga mara baada ya sala, na wakati wengine wanaoga na kuvaa, unga unapanda. Mtarudi kutoka Idi muupike. Mwezi usipoandama, badilisha maji, weka bakuli ndani ya friji, na mchele utakungoja siku ya pili bila madhara. Unga uliokwisha kutiwa hamira usiuwekee matumaini hayo.

Mkishakula, kata vipande vya jirani wa mlango wa pili, hata kama hajui Idi ni nini, na wewe mwenyewe umpelekee pamoja na wadogo zako wakiwa wamevaa nguo zao mpya. Hapa Unguja sikukuu ni siku nne, na watoto wa mtaa huu wameanza kuhesabu fedha zao za kwenda Mnazi Mmoja. Mkono wenu wa Idi nimempa mama yenu auhifadhi, kila mmoja na wake.

Nitumie picha ya kipande kilichokatwa, si ya mkate mzima, nikione ndani.

Idi njema, wanangu.

Bibi yenu,
Unguja