Muziki chini ya sauti ya msimulizi

"Kwenye video yangu ya magofu ya Kaole, nikipandisha muziki unameza maneno, nikiushusha hausikiki kabisa. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, kiwango kimoja cha muziki hakiwezi kufaa kwa video nzima. Weka kompresa, yaani kifaa kinachoshusha sauti chenyewe, kwenye njia ya muziki, kisha uielekeze isikilize sauti ya msimulizi, ili muziki ushuke anapozungumza na urudi anaponyamaza. Teremsha Threshold, yaani kiwango cha sauti kinachoiamsha kompresa, taratibu mpaka mita ionyeshe muziki unapungua kwa desibeli 10 hivi.

Kinachowasumbua wengi ni Release, yaani muda ambao muziki huchukua kurudi juu. Ukiiweka milisekunde 100, basi msimulizi anaposema "Msikiti huu," akavuta pumzi, halafu akaendelea "ulijengwa kwa mawe ya matumbawe," muziki utaruka juu katika pumzi ile na kuzama tena, na msikilizaji atachoka bila kujua sababu. Anza na milisekunde 700, uiongeze hadi muziki utulie mpaka mwisho wa sentensi. Kama zumari bado linagongana na maneno, usishushe muziki wote. Lipunguzie desibeli 3 kwenye eneo la kilohezi 2 hadi 4, ambako konsonanti husikika.

Mwishoni pima mchanganyiko mzima: lenga LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani, na kilele halisi kisizidi desibeli -1. YouTube huteremsha video yenye sauti kubwa kuliko hapo, lakini iliyo ndogo haiipandishi, kwa hiyo ukipakia kazi ya LUFS -22 itasikika hafifu kwenye simu.